Kuchanganya Kiswahili na Kiingereza hakukuongezei watazamaji

Kuna imani moja imekita mizizi kwa watu wanaotengeneza video za YouTube hapa kwetu, na mimi naona inawaumiza. Ukiongea Kiswahili, wanasema, unapata watu wa nyumbani. Ukiongea Kiingereza unapata watu wa nje. Basi changanya, upate wote. Ndiyo maana unamkuta fundi simu wa Kariakoo au mpishi wa Tanga anaianza sentensi kwa Kiswahili chake kizuri kabisa, akifika katikati anaimalizia kwa Kiingereza, na anayemsikiliza anabaki ameshika nusu ya maelezo.

Hesabu hiyo imekaa vibaya. Sentensi iliyo nusu Kiswahili nusu Kiingereza haieleweki kwa mtu anayejua lugha mojawapo. Inaeleweka kwa anayejua zote mbili, tena azijue vizuri kiasi cha kuruka kutoka moja kwenda nyingine bila kukwama. Watu wa namna hiyo wapo, lakini ni wachache kuliko wanaojua Kiswahili, na ni wachache mno kuliko wanaojua Kiingereza. Kwa hiyo anayechanganya hajumlishi makundi mawili. Amechagua lile eneo dogo ambapo makundi hayo yanakutana, na wengine wote amewaacha nje.

Tuwataje hao walioachwa nje, maana ndipo jambo lenyewe linapoonekana. Tanzania, shule za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili, na watu wengi wazima wanaishi, wanafanya biashara na wanatibiwa kwa Kiswahili bila kuhitaji kitu kingine. Ukivuka Ziwa Tanganyika ukaingia Kongo, ukapanda hadi Bukavu au Goma, au ukashuka hadi Lubumbashi, Kiswahili kipo sokoni na nyumbani, ila lugha ya shule ni Kifaransa. Mkongomani wa Lubumbashi anayehesabu bei na saa kwa Kifaransa hawezi kusaidiwa na Kiingereza chako. Bujumbura ni hivyo hivyo, Kirundi na Kifaransa ndivyo vilivyotangulia. Maskati wapo Waomani wenye asili ya Zanzibar ambao Kiswahili ni lugha ya nyumbani kwao na Kiarabu ni lugha ya kila kitu kingine. Anayechomeka Kiingereza akidhani anafungua mlango wa nje, anawafungia watu hawa wote walio nje kweli na wanaoongea lugha yake.

Redio za kimataifa zililijua hili mapema. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza mwaka 1957 na ya Ujerumani, Deutsche Welle, ikafuata mwaka 1963. Zilihitaji sauti moja isikike Mombasa, Kigoma na Bukavu jioni ile ile, na zikaamua kutumia Kiswahili kilichosimama chenyewe. Mtangazaji alipolazimika kutumia neno geni alilieleza palepale. Sisemi mpishi aongee kama anasoma taarifa ya habari. Aongee lafudhi yake, Kitanga chake au Kiunguja chake, watu wanapenda hivyo. Ila aianze sentensi na kuimaliza katika lugha moja.

Sasa tuingie kwenye video moja tuone lugha inafanya kazi gani, na wapi. Nachagua kisamvu cha nazi, kwa sababu ni chakula kinachosafiri mbali na kila kinapofika kinabadilishwa jina.

Tanzania na pwani ya Kenya tunasema kisamvu. Mashariki mwa Kongo ni sombe. Rwanda na Burundi ni isombe. Kinshasa, kwa Kilingala, wanaita pondu, na kwingineko Kongo utasikia sakasaka. Msierraleone na Mliberia wanakula majani hayo hayo kwa mapishi yao, na wao wanayatafuta kwa jina la Kiingereza. Mboga ni moja, ila mtu anapofungua simu anaandika jina analolijua. Mpishi aliyeandika kisamvu peke yake hatatokea kirahisi mbele ya mama wa Uvira aliyeandika sombe, hata kama kila neno litakalosemwa ndani ya video mama huyo angelielewa.

Kwa hiyo kichwa cha video kina kazi yake na sauti ina kazi yake. Kichwa kinamsaidia mtu kukuona, sauti inamfanya akae. Makosa mengi ninayoyaona yanatokana na kulazimisha vyote viwili vifanye kazi ya lugha moja, au kuvichanganya vyote viwili kwa namna moja. Kwenye kichwa unaweza kuweka lugha mbili bila kumuumiza mtu, mradi kila kipande kisimame chenyewe na msomaji asome cha kwake:

```
Kisamvu cha nazi, sombe ya nazi | Cassava leaves, in Swahili with English subtitles
```

YouTube inaruhusu herufi 100 kwenye kichwa, na hiki kimebaki ndani ya kiwango. Kwenye simu mwisho wake utakatwa, ndiyo maana majina ya Kiswahili yametangulia. Neno nazi limetajwa mara mbili kwa makusudi. Sombe ya Kongo kwa kawaida huungwa kwa mawese, na mtu wa Bukavu akifungua akakuta tui la nazi bila kuonywa atahisi amedanganywa. Na yale maneno ya mwisho yanayosema video ni ya Kiswahili na ina manukuu ya Kiingereza, watu huyaacha wakidhani yanapunguza watazamaji. Ni kweli yanapunguza wanaobofya. Ndiyo faida yake.

Hapa inabidi nieleze kidogo jinsi YouTube inavyoamua video ipelekwe kwa nani. Tangu mwaka 2012 mtandao huo uliacha kutegemea idadi ya wanaobofya na kuanza kuangalia muda ambao watu wanakaa wakitazama. Video yako inapelekwa kwanza kwa watu wachache. Wakikaa, inapelekwa kwa wengine wanaofanana nao. Wakiondoka, inapunguziwa nafasi. Sasa fikiria umeandika kichwa kitupu cha Kiingereza juu ya video ya Kiswahili. Mmarekani anayetaka kujaribu majani ya muhogo anabofya, anakusikia ukisalimia kwa Kiswahili, na baada ya sekunde 10 ameshaondoka. Wakifanya hivyo watu wengi, YouTube haitaelewa kwamba tatizo lilikuwa lugha. Itachukulia kwamba video ni mbaya, na huenda ikapunguza kuipeleka hata kwa mtu wa Morogoro ambaye angeitazama mpaka mwisho. Kichwa chenye mvuto kwa wageni kimekunyima wenyeji.

Na ule mchanganyiko wa mdomoni unaleta hasara hiyo hiyo, ila polepole. Huoni mtu akikimbia sekunde ya 10. Unaona watu wakipungua kila penye maelezo muhimu yaliyosemwa kwa Kiingereza, maana hapo ndipo waliposhindwa kufuata. Ukifungua mchoro unaoonyesha watazamaji wanavyobaki ndani ya video utaona mistari inashuka kwa ngazi. Ukirudia kusikiliza dakika zile utakuta mara nyingi ni pale ulipotaja kipimo, au sababu ya kufanya jambo. Kwa kawaida mtu anachanganya lugha pale anapotaka kusikika kama mtaalamu, na hapo ndipo mtazamaji anapohitaji kuelewa kuliko mahali pengine popote.

Kuna mtego mwingine ambao umewanasa hata watu makini. YouTube Studio inakuruhusu kuandika kichwa cha pili kwa lugha nyingine, na kila mtazamaji anaonyeshwa kichwa cha lugha aliyoiweka kwenye simu yake. Linasikika jambo zuri mno: Mswahili aone Kiswahili, Mwingereza aone Kiingereza. Lakini angalia simu za watu wa kwetu. Mwenye duka Kinondoni, ambaye hawezi kusoma aya mbili za Kiingereza, simu yake imewekwa Kiingereza tangu alipoinunua na hajawahi kuibadilisha. Huyo ataonyeshwa kichwa cha Kiingereza. Ulimwandikia Kiswahili na hatakiona. Ndiyo sababu mimi napendelea kichwa kimoja chenye vipande viwili, kinachoonekana vilevile kwa wote, mpaka takwimu za chaneli yako zikuthibitishie kwamba wengi wa watazamaji wako wanatumia YouTube ya Kiswahili.

Turudi jikoni. Lugha unayoongea inaamua pia ni mambo gani huhitaji kuyasema. Ukimwambia mtu wa Tanga kwa Kiswahili kwamba utapika kisamvu, hana haja ya kuambiwa kwamba majani hayo hayaliwi mabichi. Anajua tangu utoto kwamba yanatwangwa, yanachemshwa sana, halafu ndiyo yanaungwa. Mgeni hajui. Majani mabichi ya muhogo yana viambata vinavyotoa sianidi, ambayo ni sumu. Kutwanga kunavunja majani na kuanza kuitoa, na kuchemsha muda mrefu huku sufuria ikiwa wazi kunamalizia kazi. Mpishi wetu hatalisema hilo, na si kosa lake, anaongea na watu wake. Lakini mara tu anapoweka manukuu ya Kiingereza ameshaongea na mtu mwingine. Hapo kufasiri tu alichokisema hakutoshi, inabidi aongeze ambacho hakukisema.

Ndiyo maana nashauri manukuu yaandikwe na mtu. Faili lake ni la maandishi tu, unaweza kuliandika hata kwenye simu. Kila kipande kina namba, muda wa kuanza na kumaliza, kisha maneno:

```
14
00:03:12,000 --> 00:03:17,000
Boil uncovered. Never eat raw:
fresh leaves release cyanide.
```

Unalihifadhi kwa jina kama `kisamvu_en.srt`, unaingia YouTube Studio, unachagua video, unafungua sehemu ya manukuu, `Languages` au `Subtitles`, unaongeza lugha na kulipandisha. Mistari miwili kwa kila kipande inatosha, na mtu apewe sekunde nne au tano za kuisoma, maana wakati huohuo anaangalia mikono yako.

Vipimo navyo vinahitaji macho ya mtu. Fungu la majani la shilingi mia tano halina maana Oslo. Huko hata kinu hakuna. Mtu anaanza na pakiti ya majani yaliyotwangwa na kugandishwa aliyoinunua kwenye duka la Waafrika, kwa hiyo manukuu yampe uzito kwa gramu na yamwambie kwamba hatua ya kutwanga anairuka. Halafu kuna saa. Ukisema utakuwa mubashara saa tatu usiku na manukuu yakaandika 3, umewapoteza watu wote wa nje. Mashine za kufasiri zinakosea hapo mara kwa mara, kwa sababu zinahamisha namba tu na hazijui kwamba saa tatu usiku yetu ni saa 21:00 kwa saa za Afrika Mashariki.

Zamani kazi hii iligawanywa. YouTube iliruhusu watazamaji wenyewe kukuandikia manukuu, na Waswahili walio ughaibuni wangeweza kusaidia sana. Huduma hiyo ilifungwa Septemba 2020. Iliyobaki ni kwamba mwenye chaneli anaweza kumpa mtu nafasi ya mhariri wa manukuu, `Subtitle editor`, bila kumpa neno la siri. Kama una ndugu Toronto au Minnesota mwenye Kiingereza cha kila siku, huyo ndiye wa kumwomba, maana anajua majirani zake wanasemaje na anajua kisamvu ni nini.

Na wakati uko kwenye mipangilio hiyo, angalia sehemu inayoitwa `Video language`. Wengi wameiacha ikisoma Kiingereza. Manukuu ya kiotomatiki yanafuata lugha moja kwa video nzima, kwa hiyo Kiswahili chako kikisikilizwa kama Kiingereza, maneno yanayotokea chini ya video ni takataka, na kuna watu wanakusoma wewe kupitia takataka hizo. Ukiwa umechanganya lugha, hakuna lugha ya kuchagua itakayoleta manukuu safi.

Nimetaja ughaibuni mara kadhaa kana kwamba ni watu wa aina moja, na sivyo. Yupo aliyeondoka juzi, anayetafuta kwa Kiswahili na kusikiliza kwa Kiswahili. Huyo ni sawa na mtu wa nyumbani, ametofautiana nao kwa bei ya intaneti tu. Yupo mtoto wake aliyezaliwa huko. Anakielewa Kiswahili akikisikia, kwa sababu mama anakiongea, lakini hajawahi kukisoma, na akitaka kitu anakiandika kwa Kiingereza. Huyu namfikiria kuliko wote, na ndiye anayepotezwa na watu wengi bila wao kujua. Anahitaji neno la Kiingereza kwenye kichwa ili akuone, kisha anahitaji Kiswahili safi mdomoni, kwa sababu Kiingereza anacho tele na alichokuja kutafuta kwako ni sauti ya nyumbani. Akikuta umechanganya, Kiingereza chako hakimsaidii chochote. Wapo pia wanafunzi wa Kiswahili katika vyuo vya nje, ambao wanaomba kitu kimoja tu: manukuu ya Kiswahili chenyewe, neno kwa neno, wapate kufuatisha. Kuyaandika hayo ni kazi nyepesi kuliko kufasiri, na karibu hakuna anayeyaweka.

Wa mwisho ni mgeni kabisa, asiye na neno hata moja. Kwake manukuu yanatosha pale macho yanapotosha: mapishi, ususi, ufundi wa mbao, safari. Hayatoshi kwenye mazungumzo marefu. Nadhani tukubali hivyo na tusihangaike naye kwenye kila video.

Lakini pesa je? Swali hili ndilo linalowasukuma wengi kwenye Kiingereza, na ni swali halali. Kwenye video ndefu, mwenye chaneli aliye ndani ya mpango wa malipo anapata asilimia 55 ya mapato ya matangazo yanayoonyeshwa hapo, na bei ya tangazo inategemea sana mtazamaji yuko nchi gani. Aliye Oslo anakuletea kikubwa kuliko aliye Kahama. Watu wakisikia hivyo wanahitimisha kwamba waongee Kiingereza. Wamesahau kwamba mfanyabiashara anayelipia tangazo Norwe anamlipia mtu aliye Norwe, na mtu huyo anaweza kuwa Mkongomani anayetazama kisamvu chako kwa Kiswahili. Kuna watangazaji wanaochagua pia kwa lugha, lakini hapo kinachoangaliwa zaidi ni lugha ya mtumiaji mwenyewe, na simu ya mtu huyo huenda imewekwa Kinorwe au Kiingereza. Huhitaji kubadili lugha ili upate mtazamaji wa nchi tajiri. Unahitaji Waswahili waliopo huko wakuone.

Upande wa pili wa hesabu hiyo ni ushindani. Video ya Kiingereza ya kuchagua simu, iliyotengenezwa Dar es Salaam, inashindana na za Marekani, India, Nigeria na Uingereza, za watu wenye vifaa na simu mpya kabla hazijafika kwetu. Video hiyohiyo kwa Kiswahili, ikieleza bei ya Kariakoo na namna ya kuitambua simu iliyofunguliwa na fundi, inashindana na chache sana, na inajibu swali ambalo wale wengine hawawezi kulijibu.

Kuna jinsi ya kujua kama nayoyasema yanahusu chaneli yako au la. Ingia `Analytics`, fungua hali ya juu, `Advanced mode`, chagua `Geography`, kisha weka safu ya `Average view duration`. Tuseme video ya dakika tisa. Tanzania inaonyesha wastani wa dakika nne na nusu, Oman dakika tano, Marekani sekunde 40. Hiyo Marekani ya sekunde 40 si Waswahili. Ni wageni walioletwa na kichwa cha Kiingereza wakaondoka, na wanaiharibia video sifa. Ikiwa Marekani inasoma dakika tano, hao ni watu wako, na inafaa uwafikirie unapopanga video ijayo. Angalia pia, kwenye sehemu ya watazamaji, ni manukuu ya lugha gani yanayotumika zaidi. Ila usiziamini nchi ndogo zinazojitokeza ghafla. Mtu wa Dar anayetumia VPN anaweza kuonekana yuko Uholanzi, na zipo nyakati ambapo watu wengi hapa wanatumia VPN. Ukiona Uholanzi imepanda na muda wa kutazama unalingana kabisa na wa Tanzania, na wengi wanatazama saa zile zile za jioni yetu, huenda ni majirani zako.

Nairobi nitaiweka kando kwa heshima. Huko mchanganyiko ndiyo lugha ya nyumbani. Kijana wa Eastlands anayechekesha kwa Sheng akilazimishwa Kiswahili sanifu atapoa, na watu wake watamkimbia, maana utani wenyewe umo kwenye maneno yale. Anayemlenga kijana wa Nairobi na aendelee hivyo. Nachomwomba ni kujua kwamba amechagua Nairobi, asije akashangaa Mbeya na Bujumbura hawapo. Vilevile kuna video ambazo lugha ya mdomoni si kitu kikubwa. Kili Paul, kijana wa Kitanzania, alijulikana India kwa kufuatisha nyimbo za Kihindi kwa midomo akiwa na mavazi yake ya Kimasai, hadi Waziri Mkuu Narendra Modi akamtaja pamoja na dada yake kwenye hotuba yake ya redio Februari 2022. Alichagua lugha ya watu aliowataka, akaitumia yote bila kuchanganya, na waliomfuata ni watu wa India. Anayetaka njia yake aichukue nzima pia.

Na Kiingereza kitupu kina mahali pake. Mwongoza watalii wa Arusha anayeeleza msimu wa kupanda Kilimanjaro, nguo za kubeba na kiasi cha kuwaachia wapagazi anaongea na mtu ambaye bado yuko kwao na hajui Kiswahili. Aongee Kiingereza mwanzo hadi mwisho, kwenye chaneli yake ya Kiingereza. Akiweka leo video ya Kiingereza na kesho ya Kiswahili kwenye chaneli moja, kila mara nusu ya waliojiunga wataipita bila kuibofya, na YouTube inaweza kusoma kupita huko kama ishara mbaya. Njia nyingine ni sauti mbili ndani ya video moja. YouTube ilianza kuifungua huduma hiyo mwaka 2023 kwa wachache, baadaye ikaipanua. Unarekodi maelezo yako upya kwa Kiingereza, kwa urefu uleule wa video, unapandisha kama sauti ya pili, na mtazamaji anachagua. Ipo pia sauti inayofasiriwa kiotomatiki, lakini ilipotangazwa Desemba 2024 Kiswahili hakikuwamo kwenye lugha zake za mwanzo. Sauti yako mwenyewe, hata kama Kiingereza chako ni cha Arusha, inaaminika zaidi kwa mtu anayetaka kukulipa umpandishe mlimani.

Kwa aliyekwisha kuchanganya kwa miaka, hakuna haja ya kufuta kitu. Chukua video tatu ambazo bado zinatazamwa. Rekebisha vichwa viwe na vipande vinavyosimama vyenyewe, weka lugha sahihi kwenye mipangilio, andika manukuu ya Kiingereza na ya Kiswahili, na pale palipochanganywa, manukuu ya Kiswahili yaandike kwa Kiswahili kile ulichokisema kwa Kiingereza. Subiri siku 28, kipindi ambacho Studio yenyewe inakipima, kisha linganisha muda wa kutazama nchi kwa nchi na siku 28 zilizotangulia. Video mpya zote kuanzia hapo zirekodiwe kwa lugha moja, na kabla ya kuzipandisha mpe azisikilize mtu wa Kigoma, au yeyote anayejua Kiswahili na asiyejua Kiingereza, akuonyeshe mahali alipokwama.